Kiwiko Kinaponywea

Mkalishe mhusika wako wa katuni juu ya mbuzi ya nazi umwache akune. Magoti yamekunjwa mno, kiwiko kinakwenda na kurudi, na baada ya sekunde mbili utaona kasoro ambazo hazikuonekana alipokuwa amesimama. Pia ya goti imezama. Ncha ya kiwiko imepotea, na mahali pake pamebaki pembe nyembamba kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjwa katikati. Kwa ndani, nyama ya kigasha imeingia ndani ya nyama ya mkono wa juu, na picha inaonyesha madoa meusi pale nyuso mbili zinapopishana.

Dawa inayojulikana na wengi ni umbo la kurekebisha. Unakunja kiungo, unachonga ngozi hadi ikae vizuri, unahifadhi mchongo huo kama `Shape Key`, kisha unaufungia kiendeshi kinachoupandisha na kuushusha kadiri mfupa unavyokunjwa. Katika Blender, programu nitakayoifuata humu, kazi hiyo haizidi nusu saa kwa kiungo kimoja. Hata hivyo nimeona viwiko vingi vilivyorekebishwa kwa njia hii ambavyo ni vizuri vikiwa vimenyooka, ni vizuri vikikunjwa kabisa, na katikati ya safari vinavimba kana kwamba vimeumwa na nyuki. Aliyevichonga alichonga vizuri. Kosa liko kwenye kiendeshi, na ili kulielewa inabidi tuanze na sababu ya kunywea kwenyewe.

Kila nukta ya wavu wa ngozi ina uzito unaosema inafuata mfupa upi na kwa kiasi gani. Nukta iliyo kwenye ncha ya kiwiko kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu: nusu kwa mkono wa juu, nusu kwa kigasha. Kiungo kikikunjwa, programu hujiuliza nukta hiyo ingekuwa wapi kama ingefuata mkono wa juu peke yake, na ingekuwa wapi kama ingefuata kigasha peke yake. Kisha inachukua wastani wa nafasi hizo mbili. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chukua sinia la duara, tia alama mbili ukingoni, uziunganishe kwa rula. Katikati ya mstari huo haipo ukingoni tena, imeingia ndani ya sinia. Kadiri alama zinavyoachana, ndivyo katikati inavyozidi kukaribia kitovu. Mkono huzunguka kwa duara, lakini wastani hukata njia ya mkato.

Kiasi cha kunywea kinahesabika. Umbali wa nukta hiyo kutoka kwenye mhimili wa kiungo huzidishwa kwa kosaini ya nusu ya pembe ya mkunjo. Tuseme ncha ya kiwiko iko sentimita 4 kutoka kwenye mhimili. Mkono ukikunjwa nyuzi 90, inabaki sentimita 2.8. Ukikunjwa nyuzi 120, inabaki sentimita 2, yaani nusu kamili. Kiwiko cha mtu mzima hukunjwa hadi kwenye nyuzi 145 hivi, na kwenye nyuzi 140 tu tayari imebaki sentimita 1.4. Nukta za jirani, ambazo uzito wake ni robo kwa robo tatu, hunywea kidogo kuliko hiyo ya katikati, na ndiyo maana kasoro hujionyesha kama mfereji mwembamba badala ya kiungo kizima kupungua.

Si tatizo jipya. J. P. Lewis, Matt Cordner na Nickson Fong walichapisha mwaka 2000 njia ya kuyahusisha maumbo yaliyochongwa na pozi za mifupa, na maumbo ya kurekebisha ya leo ni ndugu wa karibu wa wazo lao. Mwaka 2007 Ladislav Kavan na wenzake walitoa hesabu nyingine ya kuchanganya mizunguko, inayoifanya nukta ifuate ukingo wa sinia badala ya kukata njia ya mkato. Blender wanayo: ni kisanduku cha `Preserve Volume` kwenye `Armature`. Ukikitia alama, kunywea kunaondoka papo hapo. Kwa malipo yake ngozi ya nje ya kiungo huelekea kuvimba kupita kiasi, na injini nyingi za michezo ya kompyuta hazitumii hesabu hiyo, kwa hiyo kiwiko kinachopendeza ndani ya Blender kinaweza kunywea tena kikifika kwenye mchezo. Tena hakuna hesabu ya kuchanganya mifupa inayojua kwamba nyama ikibanwa hutafuta pa kutokea. Kunjo la ndani ya kiwiko na msuli unaojaa juu yake havipatikani ila kwa mkono wa mchongaji.

Kabla ya kuchonga chochote, malizana na uzito. Nasisitiza hili kwa sababu umbo la kurekebisha huchongwa juu ya kosa la uzito uliopo siku ile. Ukibadilisha uzito wiki ijayo, kosa limebadilika na dawa imebaki ileile. Vivyo hivyo kwa nukta zenyewe: ukiongeza mistari ya wavu kwenye kiwiko baada ya kuchonga, maumbo yote yanaweza kuvurugika. Hakikisha kiungo kina angalau mistari mitatu inayokizunguka, na angalia mfupa umeanzia wapi. Mhimili ukisogezwa kidogo kuelekea ncha ya kiwiko, umbali wa sentimita 4 unakuwa 2 au 3 na kunywea kunapungua kabla hujagusa kitu. Usiuvute mno tu, maana unachopunguza nyuma unakiongeza kwenye kunjo la mbele.

Sasa tuchonge. Kunja kigasha nyuzi 120, ongeza umbo jipya juu ya `Basis`, liite `kiwiko_120.L`, lipe thamani 1, kisha rudisha ncha ya kiwiko mahali pake na utenganishe nyama zilizoingiliana. Kwenye `Armature` washa vitufe vya kuonyesha mkunjo unapohariri, la sivyo utajikuta unachonga mkono ulionyooka.

Ukimaliza, nyoosha mkono huku umbo likiwa bado kwenye 1. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani nimeharibu faili: mwiba umetokeza kwenye kiwiko, mrefu wa kutisha. Mwiba huo ni halali, na ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Blender huongeza umbo kwanza, wakati mkono bado umenyooka, ndipo `Armature` inaukunja. Kwa hiyo kila unachochonga kwenye mkono uliokunjwa kinahifadhiwa kama hatua ya mkono ulionyooka, na hatua hiyo nayo itanywea ikipita kwenye mkunjo. Kwenye nyuzi 120 kila kitu hukatwa nusu. Ili ncha ipate sentimita 2 ilizopoteza, umbo lazima libebe sentimita 4. Ndizo hizo ulizoziona zikitokeza.

Hapa wengi hufunga kiendeshi cha mstari ulionyooka: pembe 0 thamani 0, pembe 120 thamani 1. Inaonekana ni jambo la haki. Tuone linavyofanya kwenye nyuzi 60, katikati ya safari. Thamani ni 0.5, kwa hiyo umbo linaongeza sentimita 2 na ncha inakuwa sentimita 6 kabla ya mkunjo. Lakini kwenye nyuzi 60 mkunjo haunyweshi sana, unazidisha kwa 0.866 tu. Ncha inaishia kwenye sentimita 5.2, wakati ilitakiwa iwe 4. Huyo ndiye nyuki wetu. Kwenye nyuzi 90 hali ni karibu vilevile: sentimita 7 mara 0.707, yaani 4.9 na ushei. Ikifika 120 inatulia kwenye 4, na mchongaji anayekagua mwanzo na mwisho peke yake anaondoka ameridhika.

Kipimo sahihi hutoka kwenye hesabu ileile iliyoleta tatizo. Ikiwa mkunjo unazidisha umbali kwa kosaini ya nusu ya pembe, basi umbo linatakiwa kuukuza umbali kwa kinyume chake, na kinachoongezwa ni kinyume hicho ukitoa 1. Kwenye nyuzi 120 kinyume cha nusu ni 2, ukitoa 1 unapata 1 kamili. Kwa hiyo kwa umbo lililochongwa kwenye pembe hii hakuna hata haja ya kugawanya, na kiendeshi kinaandikwa hivi, `a` ikiwa ni pembe kwa radiani:

```
1/cos(a/2) - 1
```

Kwenye nyuzi 30 jibu ni 0.035. Kwenye 60 ni 0.155, na kwenye 90 ni 0.414. Tazama jinsi umbo linavyolala karibu nusu ya safari, kisha linaamka na kukimbia mwishoni. Ukiipima ncha ya kiwiko sasa, iko sentimita 4 kwenye kila pembe. Nukta za jirani zenye uzito wa robo zinahitaji kuamka mapema kidogo kuliko ile ya katikati, lakini nilipozihesabu kwenye nyuzi 60 pengo lilikuwa kama asilimia 3 tu, ambalo jicho halilioni.

Ukichonga kwenye pembe nyingine, gawanya kwa jibu la pembe hiyo. Kwa nyuzi 140 jibu ni 1.924:

```
clamp((1/cos(a/2) - 1) / 1.924)
```

Neno `clamp` linaizuia thamani isivuke 1 pale mhuishaji anapoukunja mkono kuliko binadamu anavyoweza, jambo ambalo wahuishaji hulifanya kila siku. Asiyependa fomula anaweza kuuchora mstari wake uliopinda kwa nukta kwenye `Drivers` Editor. Na mwenye haraka anaweza kubaki na mstari ulionyooka, ila auanzishe nyuzi 60 badala ya 0. Kwenye nyuzi 90 atavimba kama asilimia 6, na kwenye 60 atanywea asilimia 13. Kwa mhusika wa nyuma ya picha inatosha. Sipendekezi `smoothstep` kuanzia 0, ingawa wengi huipenda kwa ulaini wake, kwa sababu katikati ya safari nayo inatoa 0.5, sawasawa na mstari uliotuletea uvimbe.

Fomula hii hudai pembe ya kweli, na kuipata pembe ya kweli ndiko kunakotesa. Blender inakupa njia tatu za kuusoma mkunjo, na mbili kati yake zina mtego.

Ya kwanza ni kusoma namba ya mzunguko iliyoandikwa kwenye mfupa, kwa `Single Property`. Inafanya kazi ikiwa mhuishaji anauzungusha mfupa kwa mkono. Lakini miguu karibu yote, na mikono mingi inayoshika vitu, huendeshwa kwa `IK`: unavuta kiganja au unyayo, na mifupa mingine inafuata. Hapo mfupa unakunjwa na kizuizi huku namba yake ikibaki sifuri. Goti linakunjwa mbele ya macho yako na umbo halijatikisika. Ukiona hivyo, usipoteze saa nzima ukikagua fomula.

Ya pili ni `Rotational Difference`, inayopima tofauti ya uelekeo kati ya mifupa miwili. Ndiyo inayofundishwa zaidi, kwa kuwa ni rahisi na haijali `IK`. Mtego wake ni kwamba inapima tofauti yote, pamoja na msokoto. Nyoosha mkono wa mhusika, kisha geuza kiganja kutoka juu kwenda chini. Kama msokoto huo unabebwa na mfupa wa kigasha, kipimo kinaweza kusoma nyuzi 90 wakati kiwiko hakijakunjwa hata kidogo, na fomula yetu inaliamsha umbo kwa 0.414. Ule mwiba unachomoza kwenye mkono ulionyooka. Tena kipimo hiki hakianzii sifuri. Ikiwa kiunzi kilijengwa na kiwiko kilichopinda nyuzi 10, kama inavyoshauriwa ili `IK` ijue upande wa kukunja, kipimo kinaanza na hizo 10. Mifupa ikitofautiana kwa `Roll`, kinaanza na zaidi.

Ninayoitumia ni ya tatu: `Transform Channel` ya mfupa wa kigasha, `Local Space`, aina `W Rotation`, na chini yake `Mode` iwe `Swing and Y Twist`. Maneno ni mengi, ila maana yake ni nyepesi. Inautenga mkunjo na msokoto, kisha inakupa mkunjo peke yake. Inahesabu kuanzia pozi la mapumziko, na ngozi nayo inahesabu kuanzia hapohapo, kwa hiyo nyuzi zetu 10 za kujengea hazisumbui. Na inasoma mfupa baada ya vizuizi, kwa hiyo `IK` haiifichi kitu. Jaribio lake ni lilelile la kiganja: nyoosha, sokota, tazama thamani ya umbo. Ikibaki sifuri, endelea.

Kuna jambo dogo la faili linaloweza kukuaibisha. Blender hutambua semi nyepesi za hesabu, zikiwemo `cos`, `clamp` na `radians`, na huzikokotoa bila kupitia Python. Semi zinazohitaji Python husimama mpaka mtumiaji aruhusu `Auto Run Python Scripts`. Niliwahi kuandika kazi yangu mwenyewe ya Python kwa ajili ya viwiko, nikaona ni ufundi, nikamtumia mwenzangu faili usiku. Asubuhi ananiuliza kwa upole kama nilikuwa nimesahau kurekebisha viwiko. Kwake vilikuwa vimelala vyote. Tangu hapo naandika semi nyepesi tu, na fomula zote mbili zilizoko juu ni za namna hiyo.

Goti linafuata kanuni zilezile, ila lina ukaidi wake. Mtu aliyechuchumaa, au aliyekaa kwenye ule ubao wa mbuzi, hulikunja goti kuliko kiwiko, na nyuma yake paja na shavu la mguu hugusana na kubanana. Kwenye nyuzi 150 fomula inadai umbo libebe karibu mara 2.9 ya umbali wa nukta kutoka kwenye mhimili. Kwa goti lenye sentimita 6 hiyo ni zaidi ya sentimita 17 za mwiba. Mchongo wa namna hiyo ni mwepesi wa kuharibika: kosa dogo kwenye uzito hukuzwa nao, na brashi ya kuchonga huanza kurusha nukta huku na kule, kwa sababu programu inajaribu kuugeuza mkunjo ambao umekaribia kuiponda ngozi yote kuwa bapa.

Kwa goti basi nachonga mara mbili. La kwanza kwenye nyuzi 90, likibeba kazi ya kuirudisha pia ya goti mbele. Kiendeshi chake ni fomula ileile ikigawanywa kwa 0.414, na nakifunga kwa `clamp` kisivuke 1. La pili nalichonga kwenye nyuzi 140 huku la kwanza likiwa limewaka, ili libebe upungufu uliobaki tu pamoja na ile nyama iliyobanwa nyuma. Hili linaanza kuamka nyuzi 90:

```
clamp((a - radians(90)) / radians(50))
```

Mstari ulionyooka hapa nauvumilia, maana safari ni fupi na kinachotazamwa ni nyama kubanana, ambayo haina fomula. Ukitaka kuikosoa, ikosoe kwa jicho.

Upande wa pili wa mwili si kazi ya kurudia. Wavu ukiwa na ulinganifu, nakili umbo kwa `New Shape from Mix`, ligeuze kwa `Mirror Shape Key`, lipe jina la `.R`, kisha nakili kiendeshi kwa `Copy Driver` na `Paste Driver`. Hatua inayosahaulika ni kubadilisha jina la mfupa ndani ya kiendeshi kilichobandikwa. Ukilisahau, mhusika akikunja mkono wa kushoto, viwiko vyote viwili vinaamka.

Anayepeleka mhusika nje ya Blender ajue kwamba maumbo husafiri na viendeshi havisafiri. `FBX` na `glTF` hubeba michongo yenyewe, lakini fomula inabaki nyumbani. Kwa filamu au katuni iliyokwisha kuhuishwa, geuza thamani za maumbo ziwe fremu za kawaida kabla ya kuitoa. Kwa mchezo, ambako mwendo haujulikani mapema, fomula lazima iandikwe upya ndani ya injini. Unreal wana `Pose Driver` kwa kazi kama hiyo. Kwingine utaandika mstari mmoja wa msimbo, na kwa kuwa fomula yetu ni `cos` tu, hautakuwa mgumu. Kama injini inabana idadi ya maumbo, toa kwanza la kiwiko ulitunze la goti, kwa sababu kasoro ya mguu hufunika eneo kubwa zaidi la picha.

Ukaguzi wangu wa mwisho ni wa fremu 29, kuanzia fremu 0 hadi 28. Naukunja mfupa kutoka 0 hadi 140, nyuzi 5 kwa kila fremu, kisha napitisha polepole nikitazama ubavuni, bila rangi wala mwanga wa kupendezesha, ukingo wa ngozi tu. Sitazami mwisho. Nasimama fremu ya 12, kwenye nyuzi 60. Kama ukingo umevimba pale, usirudi kuchonga. Fungua kiendeshi.